Rektifaya ipi ununue kwa chaja ya betri za taa za dagaa

Siku za giza, mwezi usipoonekana, betri zinarundikana kwa wachajishaji hapa Mwaloni Kirumba; mbalamwezi ikiwaka, kazi inapoa. Kwa hiyo rektifaya ya chaja, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC, inunuliwe kwa kufikiria wiki ya giza, mashine inaposhinda inawaka kutwa. Mfano wangu ni transfoma ya kushusha 230 hadi volti 15, yenye uwezo wa ampea 10.

Namba moja ni KBPC3510, ile ya mraba yenye tundu katikati. Tarakimu mbili za kwanza ni ampea 35, na 10 ya mwisho ni volti 1000. Namba mbili ni KBPC2510, ampea 25; bei ikiwa na tofauti kubwa, chukua hii bila wasiwasi. Ya tatu ni KBU810, ampea 8, nzuri kwa transfoma ndogo ya ampea 3 au 4 tu. Mwisho kabisa ni dayodi nne za 1N5408.

Dayodi hizo nne ndizo zinazodanganya watu. Katika daraja, yaani dayodi nne zilizounganishwa kuwa rektifaya moja, kila dayodi hubeba nusu ya mkondo, hivyo ampea 10 ni 5 kwa kila moja, na 1N5408 imepimwa ampea 3. Ampea 35 za KBPC, kwa upande wake, ni za daraja zima. Isitoshe, betri hainywi umeme mfululizo: hupokea pale tu wimbi linapoizidi, kwa mikupuo mikali kuliko wastani. Ndiyo maana nanunua angalau mara mbili ya ninachohitaji.

Kuhusu volti, usilipie zaidi. Kilele cha volti 15 ni kama 21, na kila dayodi ya daraja huzuia hicho hicho 21 inapogeuziwa umeme. (Transfoma yenye waya wa katikati na dayodi mbili ingedai 42.) Hata KBPC3501 ya volti 100 inatosha, ukiikuta.

Joto ndilo muuaji. Umeme hupita dayodi mbili kwa wakati mmoja, kila moja ikila karibu volti 1. Kwa ampea 10 hizo ni wati 20. Ifunge kwa boliti kwenye bamba nene la aluminiamu, ukipaka grisi ya kupitisha joto. Bila bamba, ampea 35 ni maandishi tu.

Kabla ya kuunganisha betri, weka balbu ndogo ya gari kwenye waya za rektifaya zinazotoa DC, bila kapasita, na upime kwa mita ya DC. Wastani ni 0.9 mara 15, yaani 13.5, ukitoa takriban 1.4 ya dayodi mbili, kwani mkondo wa balbu ni mdogo, unabaki na 12 hivi. Usidhani umepunjwa: kilele bado ni karibu 20, na ndicho kinachochaji. Ukisoma 6, dayodi moja imekatika. Transfoma ikinguruma na fyuzi kuungua papo hapo, moja imeshikana. Irudishe dukani siku hiyohiyo.