Kamera ya 2.8 iliyoona geti moja badala ya mawili

Nyota moja. Ningeweka nusu kama ingewezekana, ingawa huko chini nitalazimika kusema jambo zuri kuhusu kamera hii na linaniuma.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kamera ya ulinzi ya zamani hapa Kisumu iliungua kwa radi msimu ule wa mvua, ikahitajika nyingine ya kukaa kwenye breketi ileile, ikitazama ukuta uleule. Kutoka kwenye breketi hadi ukutani ni mita 5. Kwenye ukuta huo kuna geti kubwa la magari na kando yake kigeti cha watu, na kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ni mita 9. Kamera ya zamani ilivionyesha vyote na nafasi ikabaki pembeni. Duka moja la katikati ya mji likaniuzia mpya: megapikseli 2 kama ya kwanza, lenzi ya milimita 2.8 kama ya kwanza, na boksi limeandikwa digrii 110 kwa herufi kubwa. Fundi wao akaifunga. Tulipowasha skrini, kigeti cha watu hakikuwepo. Geti la magari lipo, ukuta upo, lakini watu wanaoingia kwa miguu, ambao ndio sababu ya kununua kamera, hawaonekani hata kivuli.

Nilirudi dukani na jibu la kwanza la mwenye kaunta lilikuwa hili: "Omera, milimita ni milimita. 2.8 ni 2.8. Labda ukuta wako ndio umesogea." Wenzake wakacheka. Sijali kuchekwa, ila najali mtu anayeuza lenzi kila siku kusema jambo hilo kwa sauti ya juu hivyo.

Milimita si milimita tu. Lenzi peke yake haina pembe ya kuona. Pembe inatokana na vitu viwili pamoja: urefu wa fokasi wa lenzi, na upana wa sensa, kile kipande kilicho nyuma yake kinachopokea picha. Chora mstari kutoka katikati ya lenzi hadi katikati ya sensa, huo ni fokasi. Kutoka hapo nenda pembeni hadi ukingo wa sensa, hiyo ni nusu ya upana wake. Umepata pembetatu yenye kona ya mraba, na nusu ya upana ukiigawa kwa fokasi ni tanjenti ya nusu pembe. Pembe nzima ni mara mbili ya hiyo, kwa sababu kulia na kushoto ni sawa. Kwenye kikokotoo inaandikwa hivi, `w` ikiwa upana wa sensa na `f` ikiwa fokasi, zote kwa milimita:

```
FOV = 2 * atan( w / (2 * f) )
```

Sasa tupige hesabu ya kamera iliyokufa. Sensa yake ilikuwa ya aina ya 1/2.8, ambayo kwa picha ya 16:9 ina upana wa karibu milimita 5.6. Nusu yake ni 2.8. Gawa kwa fokasi ya 2.8 upate 1. Pembe ambayo tanjenti yake ni 1 ni digrii 45, kwa hiyo pembe nzima ni digrii 90. Kwa umbali wa mita 5 hiyo ni mita 5 kushoto na mita 5 kulia, jumla mita 10 za ukuta. Ndiyo maana mageti yote mawili yalienea na nafasi ikabaki.

Kamera mpya je? Boksi halitaji sensa popote. Karatasi ya ndani haitaji. Lakini huhitaji kufungua kamera ili kuijua, unahitaji futikamba na mtu wa kusimama ukutani. Kamera ielekezwe ukutani wima na sawa, isikae kwa mshazari. Msaidizi atembee kushoto hadi mguu wake uanze kukatika kwenye skrini, aweke alama kwa chaki. Kisha kulia vivyo hivyo. Pima kati ya alama hizo, halafu pima kutoka lenzi hadi ukuta. Nilipata mita 7.1 kwa umbali wa mita 5. Uwiano wa ukuta kwa umbali ni uleule wa sensa kwa fokasi, kwa hiyo upana wa sensa ni 2.8 mara 7.1 gawa kwa 5, yaani kama milimita 4.

Sensa ya aina ya 1/4 kwa picha ya 16:9 ina upana wa karibu milimita 3.92. Nusu yake ni 1.96, gawa kwa 2.8 ni 0.7, pembe yake ni digrii 35, na pembe nzima ni 70. Kwa mita 5 inapaswa kuona mita 7.0. Ile sentimita 10 ya ziada haishangazi, kwani lenzi pana hupinda picha kidogo pembeni na kuingiza zaidi ya hesabu inavyosema. Hesabu ya tanjenti inadhani mistari iliyonyooka inabaki imenyooka. Lenzi ikiwa pana sana, ile inayofanya ukuta uonekane kama tumbo la mtungi, usiiamini hesabu hii, amini futikamba.

Kwa hiyo walinipa sensa ndogo nyuma ya lenzi ileile, na mita 3 za ukuta wangu zikaenda. Zile digrii 110 za boksi ni hadithi nyingine kabisa. Nusu yake ni 55, tanjenti yake ni karibu 1.43, na kwa mita 5 kamera ingeona zaidi ya mita 14, ingekuwa inamlinda na jirani. Ili ifike hapo kwa lenzi ya 2.8 bila kupinda picha, sensa ingehitaji upana wa milimita 8. Hata ukipima kutoka kona hadi kona, mbinu ambayo wauzaji huipenda kwa sababu namba inakuwa kubwa, kamera hii inafika digrii 78 hivi. Nadhani boksi ni la modeli nyingine yenye sensa kubwa, kibandiko kimehamishwa.

Na msiingie mtego wa kuchukua ile 1/4 kama kipimo halisi cha inchi. Robo inchi ni milimita 6.35, na ukiiweka kwenye hesabu utapata digrii 97 na utaamini duka. Majina hayo yalitokana na kipenyo cha nje cha mirija ya kamera za zamani, wala si upana wa sehemu inayoona. Kwa sensa hizi ndogo, gawa 18 badala ya 25.4: 18 gawa kwa 4 ni milimita 4.5 kona hadi kona, na kwa 16:9 upana ni asilimia 87 ya hiyo. Kikokotoo pia kiwe kwenye digrii, maana kikiwa kwenye radiani kitakupa 1.22 na mwenye kaunta atacheka tena.

Kabla ya kulalamika nilikagua mipangilio, kwa sababu kuna kamera zinazokata kingo zenyewe zikiwa kwenye zumu ya kidijitali au kwenye utulizaji wa picha. Vyote vilikuwa vimezimwa.

Sasa sehemu iliyofanya nipande hasira kabisa. Nilipowaonyesha vipimo, fundi akaingia ndani akatoka na lenzi ya 3.6. "Hii ni kubwa, mzee, itaona pana zaidi." Kinyume chake! Fokasi iko chini ya mgawanyo. Ikikua, tanjenti inapungua na pembe inajifunga. Kwa sensa ile, 3.6 inatoa digrii 57 na ukuta wa mita 5.4 tu. Angeifunga, ningeondoka bila kigeti na bila nusu ya geti la magari.

Lenzi niliyoihitaji inapatikana kwa mgawanyo mmoja: upana wa sensa mara umbali, gawa kwa upana unaotaka. 3.92 mara 5 gawa kwa 9 ni 2.18. Lenzi ya 2.1 inauzwa, skrubu ndogo ya M12 kama iliyopo, na kwa hesabu inaona mita 9.3. Njia nyingine ni kurudisha breketi nyuma hadi mita 6.4 hivi, lakini nyuma yangu kuna tangi la maji.

Haya, lile jambo zuri. Kamera hii ina pikseli 1920 kwa upana. Zikitandazwa kwenye mita 10 za kamera ya zamani ni pikseli 192 kwa mita. Zikitandazwa kwenye mita 7 ni 274. Kiwango kinachotumika kwa kamera za ulinzi kumtambua mtu usiyemjua ni pikseli 250 kwa mita, kwa hiyo kamera niliyouziwa kimakosa inatoa uso unaotambulika getini, na ile niliyoililia haikufika. Nimelinganisha picha za mchana na ni kweli. Kwa mtu mwenye geti moja lisilozidi mita 6, kwa umbali wangu, hii ni kamera nzuri na ningempa nyota nne bila ubishi.

Lakini mimi sikuomba uso, niliomba kigeti, na boksi likaniahidi digrii 110. Nilikuwa nimepandisha hadi nyota mbili. Nikikumbuka ile lenzi ya 3.6 nimerudi kwenye moja.

Lenzi ya 2.1 niliipata kwingine. Ukiibadilisha, zungusha polepole kamera ikitazama kitu kilicho ukutani hadi maandishi yawe makali, kaza nati yake, halafu rudi usiku uangalie tena: lenzi isiyofaa kwa mwanga wa infraredi hupoteza ukali taa zikiwaka. Yangu imeshikilia. Tatizo ni kwamba taa za kamera hii zimepangwa kwa pembe ile nyembamba, hivyo usiku kigeti kinaonekana ila kwenye giza-giza, na nimelazimika kuongeza taa ndogo pembeni. Gharama ya lenzi, ya taa, na ya fundi kupanda ngazi tena, duka limekataa kurudisha.