Mwanangu alinunua almasi za gemu kwa kadi yangu: nilivyorudishiwa hela na Google Play

Jumamosi moja alasiri mwanangu wa miaka 8 alinibembeleza nimnunulie kifurushi cha almasi kwenye gemu lake la mpira, Sh 2,500. Nilikubali. Nikaandika neno la siri la akaunti, malipo yakapita, nikamwachia simu nikarudi jikoni kuchambua mchele. Ilikuwa saa 10:05.

Nilipoichukua simu magharibi nikakuta meseji tano za benki zimepangana, kila moja imekata Sh 13,000. Ya kwanza saa 10:12, ya mwisho saa 10:26. Shilingi 65,000 zimeondoka, na hela hiyo ilikuwa ya gesi na nauli ya wiki. Nilimwita, nikamuuliza. Akaniambia huku machozi yanamlenga, "Mama, nilibonyeza tu. Haikuniuliza kitu."

Alikuwa anasema kweli, na mimi ilinichukua muda kumwelewa. Play Store ina mpangilio unaoitwa "Purchase verification", na wangu ulikuwa umewekwa uulize neno la siri mara moja kila baada ya dakika 30. Ukishaliandika kwa ununuzi mmoja, mlango unabaki wazi nusu saa nzima kwa yeyote aliyeshika simu. Niliufungua saa 10:05, yeye akapita humo mara tano. Nusu saa hiyo hiyo ilikuwa sehemu ya malalamiko ya tume ya biashara ya Marekani, FTC, na mwaka 2014 Google ilikubali kuwarudishia wateja angalau dola milioni 19 kwa manunuzi ya watoto. Kwa hiyo mzazi yakikukuta haya, usimpige mtoto kabla hujatazama saa za meseji zako. Zikiwa zimefuatana ndani ya nusu saa tangu ulipolipa wewe mwenyewe, jibu umeshalipata.

Kesho yake asubuhi nikapiga simu benki. Dada aliyepokea alinishauri, "Dada, sema huyatambui hayo malipo, tufungue madai." Nilikuwa karibu kukubali. Lakini nilikuwa nayatambua, yamefanywa na mwanangu kwenye simu yangu. Google wenyewe wanatenganisha mambo haya mawili. Malipo ya mtu usiyemjua yana fomu yake na unapewa siku 120. Ya mtoto au ndugu aliyetumia akaunti yako yanaombwa kwa njia ya kawaida ya kurudishiwa, na hapo saa 48 za mwanzo ndizo za kukimbilia. Nikaamua kusema ukweli.

Nilifungua play.google.com kwenye kivinjari, nikaingia kwa akaunti ile ile iliyonunua, nikagusa picha yangu juu kulia hadi kwenye historia ya manunuzi. Pembeni ya kila ununuzi kuna "Report a problem". Ukibonyeza unachagua sababu, na ipo inayosema rafiki au mwanafamilia amenunua bila idhini yako. Nikaandika sentensi mbili tu: umri wa mtoto, na kwamba nilimwidhinishia ule wa Sh 2,500 peke yake. Kila ununuzi una ombi lake, kwa hiyo nilirudia mara tano. Namba ya oda inayoanza na GPA ipo kwenye risiti ya barua pepe, iwekeni karibu.

Wanasema jibu huweza kuchukua hadi siku nne. Langu lilikuja siku ile ile, yote matano yamekubaliwa. Hela yenyewe iliingia kwenye kadi Ijumaa. Makato ya benki kwa kila muamala hayakurudi. Kwa huduma hii nawapa Google Play alama za juu, kwa sababu hakuna aliyenizungusha wala kunitaka vielelezo.

Ila nilipokuwa kwenye historia ile niliona ununuzi wa sita, Sh 13,000, wa wiki tatu nyuma, ambao sikuwahi kuuona. Saa 48 zilikuwa zimepita zamani. Baada ya hapo Google wanakuelekeza kwa watengenezaji wa programu husika, na anwani yao ipo kwenye ukurasa wa gemu. Nimewaandikia mara mbili nikiwa na namba ya oda. Kimya. Gemu hilo siwezi kumshauri mzazi mwenzangu aliweke.

Sasa mpangilio wangu unauliza kwa kila ununuzi. Nimefuta pia alama ya kidole cha mwanangu niliyokuwa nimeiweka ili afungue simu mwenyewe, maana ukiruhusu kidole kithibitishe malipo, chake nacho kinapita. Na kadi nimeitoa kwenye akaunti. Akitaka almasi, tunakaa wote wawili, naiingiza, tunalipa, naitoa tena.