Runinga Hii ya Inchi 32 Inakula Kingo za Picha: Irekebishe Hivi

Haya, karibuni tena, tuko hapa Kondele, Kisumu. Mezani ni hii runinga ya inchi 32 ya bei ya chini. Mambo ya rangi na spika mnayajua, tunayaruka. Leo nina ugomvi na kitu kimoja tu: kingo.

Tazameni hapa juu kushoto. Mechi inaendelea, lakini jina la timu ya nyumbani limeanzia herufi ya pili. Chini, mstari wa habari umekatwa miguu. Runinga ni mpya, imetoka kwenye katoni, na tayari inatunyima picha!

Kinachotokea ni hiki. Runinga za zamani za kioo kizito zilikuwa zikificha kingo makusudi, kwa sababu picha yao haikutulia pembeni. Hizi za bapa hazina shida hiyo, ila watengenezaji hawajaiacha tabia hiyo. Runinga inavuta picha iwe kubwa kidogo kuliko skrini, na kinachozidi kinapotea. Hiyo ndiyo Overscan. Tuseme imekata asilimia 2.5 kila upande. Kwa picha ya 1920 kwa 1080, hizo ni nukta 48 kushoto, 48 kulia, 27 juu na 27 chini. Ndiyo maana herufi moja imeliwa.

Sasa msikimbilie menyu, kwanza angalieni nyuso. Mtangazaji akiwa na umbo lake la kawaida na kingo zimepungua kidogo pande zote nne, mkosaji ni runinga. Akionekana mnene, mabega yamepanuka, na kushoto na kulia kumekatwa kipande kikubwa lakini juu na chini kuko sawa, mkosaji ni dikoda. Inadhani umeiunganisha kwenye runinga ya zamani ya umbo la 4:3, kwa hiyo inakata asilimia 12.5 kila ubavu, halafu runinga inanyoosha kilichobaki kujaza skrini. Na kama ni chaneli moja tu, nyingine zote ziko safi, basi hiyo picha imetoka kituoni hivyo. Usiguse kitu.

Huyu wetu ana umbo lake, kwa hivyo ni runinga. Nabonyeza menyu ya rimoti ya runinga, si ya dikoda, jameni, hapo ndipo wengi wanapopotea. Naingia Picture, nashuka mpaka Overscan, naweka Off. Oneni! Jina la timu limerudi lote. Narudisha On... limeliwa. Off... limerudi. Naweza kufanya hivi mpaka jioni.

Neno lenyewe hubadilika kulingana na chapa, na hilo linaniudhi kuliko yote. Kwa LG tafuteni Just Scan, iko kwenye uwiano wa picha. Samsung wanaiita Fit to Screen au Screen Fit. Sony, kwenye Display Area, chagueni Full Pixel. Chaguo likiwa la kijivu na halibonyezeki, tazameni waya: mkitumia zile tatu, njano, nyekundu na nyeupe, runinga nyingi hazikupi chaguo hilo. Wekeni waya wa HDMI, kisha kwenye dikoda chagueni 1080i au 720p. Na runinga nyingi hukumbuka mpangilio kwa kila tundu, kwa hivyo ukihamisha dikoda kutoka HDMI 1 kwenda HDMI 2 huenda ukarudia kazi.

Mkosaji akiwa dikoda, ingieni mpangilio wake wa picha, muondoe 4:3 Pan Scan, muweke 16:9. Jaribuni pia kitufe cha Zoom kwenye rimoti yake, watoto hukibonyeza bila kujua.

Kuna wanaowaambia mpunguze picha kwa dikoda mpaka iingie. Sikubaliani nao. Dikoda inaipunguza, runinga inaikuza tena, na maandishi madogo yanakuwa ukungu. Zima Overscan kule kwenye runinga.

Bei? Kwa pesa hii siilaumu runinga. Mpangilio upo, wameufukia tu.

Mkishazima Overscan, chaneli nyingine zitaonyesha ukanda mwembamba mweusi pembeni, au vidoti vyeupe vinavyochezacheza juu kabisa. Skrini haijaharibika. Vilikuwa vikija na matangazo tangu mwanzo, vimefichwa. Vikikusumbua kwenye chaneli hiyo, washa Overscan kwa muda, ukirudi kwenye mpira uizime.