Pazia au blaindi kwa dirisha la barabarani? Toka nje usiku kwanza ujitazame

Mechi iko dakika za mwisho, mimi nimejikunja kwenye sofa na shuka la kimasai mabegani maana ilikuwa mwezi wa sita na baridi ya Mbeya mnaijua, goli likaingia, na kabla sijafungua mdomo nikasikia "gooooli!" kutoka nje. Nikafikiri ni kwa jirani. Kwenda kuchungulia, vijana sita wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao ng'ambo ya barabara wanaangalia tivii yangu. Mmoja hata aibu hakuona, "Shikamoo dada, samahani, tuongezee sauti kidogo."

Nilikuwa nimevaa nini usiku ule sisemi.

Na dirisha lilikuwa na pazia jamani! Shia mpya, ile pazia nyepesi ya kupitisha mwanga, nyeupe, ina wiki tatu tu, na siku ya kuitundika nilitoka mpaka barabarani saa sita mchana kuhakikisha, nikaona weupe mtupu, nikarudi ndani nimeridhika. Kosa langu ndio hilo, nilijaribu mchana. Shia yenyewe haifichi kitu, kinachokuficha ni tofauti ya mwanga. Mchana nje kuna mwanga mkali kuliko ndani, ule mwanga unapiga kwenye kitambaa unamrudia mpita njia machoni, anaona kitambaa tu. Usiku unawasha taa, sasa ndani ndio kunang'aa na nje ni giza, mambo yanageuka, wewe ndio huoni nje na aliye nje anahesabu vijiko mezani.

Na msidhani ni shia peke yake. Ile tinti ya vioo inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, ambayo wauzaji wanakwambia "dada hapa hata polisi haoni ndani", nayo ni hivyohivyo, inaficha upande wenye giza. Ikifika saa moja na nusu umewasha taa imekwisha kazi yake. Rola, yaani blaindi za kujiviringisha juu, zile za matundu madogo za maofisini, vilevile. Kwa hiyo kwenye mwongozo huu rangi na maua sitaongelea, kila mtu ana macho yake. Nimepanga kwa swali moja: saa mbili usiku taa ikiwaka, mtu wa barabarani anaona nini?

Ya kwanza kwangu, na sijifichi, ni kitambaa kizito cha Kituruki cha blakauti, na shia nyuma yake. Naambiwa napenda sana vya Kituruki, ni kweli napenda, kinaanguka vizuri na nimekifua mara nyingi bado kiko vilevile. Ila hata hapo kuna blakauti za aina mbili na muuzaji hakwambii. Moja ina mpira nyuma, yaani wamepaka kitu kama rangi nzito. Nyingine haijapakwa chochote, imefumwa na uzi mweusi katikati. Ya mpira inakata mwanga wote, lakini sindano ikipita inaacha tundu na tundu halijifungi tena. Fundi wangu alikosea pindo akafumua akashona upya, asubuhi jua lilipopiga nikaona mstari wa vinyota kutoka juu mpaka chini, vidogo kama ncha ya pini, na kila nikifua pale kwenye mikunjo mpira unapasuka vinaongezeka. Ile ya kufumwa haikupi giza totoro, mwanga kidogo unapita, ila haionyeshi kivuli cha mtu na ndicho ninachotaka.

Namna ya kupima dukani: washa tochi ya simu, mwenzako aishike nyuma ya kitambaa kama futi moja hivi, halafu weka mkono wako kati ya tochi na kitambaa. Ukiviona vidole vyako, basi bodaboda nao watakuona ukibadilisha nguo. Muuzaji akianza kununa kwamba unamchezea kitambaa, ondoka.

Sasa kitu ambacho hakuna anayekisema, pembeni. Unaweza ukanunua blakauti ya maana halafu bomba la kutundikia pazia ukalikata sawasawa na dirisha, matokeo yake kila upande unabaki mwanya wa vidole vitatu na aliyesimama mshazari anaona hadi jikoni. Bomba lizidi dirisha sentimita 20 kila upande, na lipigwe juu ya dirisha kama sentimita 15. Halafu ringi za kila pazia ziwe namba shufwa, 12 au 14, sio 13, kwa sababu zikiwa shufwa ncha zote mbili za pazia zinageukia ukutani zinaziba, zikiwa witiri ncha moja inatazama ndani na upande huo unaacha mwanya. Fundi aliniwekea 13 nikamrudishia, akasema "dada wewe una mambo". Ndiyo, ninayo.

Niwape hesabu ya dirisha langu la sebuleni, futi sita kwa tano, yaani sentimita 180 kwa 150. Bomba 220. Kitambaa kinatakiwa kiwe mara mbili ya bomba ili kiwe na mikunjo, 440, ongeza mapindo nikanunua mita 4.8. Vitambaa vingi vya pazia vina upana wa mita 2.8 na huo upana ndio unaugeuza kuwa urefu wa pazia, kwa hiyo hauungi kitambaa popote, na kama ni cha mpira hiyo inakuokoa na vinyota. Mwanjelwa nilikipata elfu 17 kwa mita, ikawa 81,600. Ringi 28 kwa mia tano, 14,000. Ushonaji wa pazia mbili 10,000. Shia mita 4.8 kwa elfu 7 ni 33,600 na kushona 8,000. Bomba la njia mbili 35,000. Jumla 182,200. Sio hela ndogo, najua, ila mchana navuta ile nzito naacha shia, napata mwanga na mtu haoni, giza likiingia nafunga. Na mwezi wa sita na wa saba ile baridi ya kwenye kioo unaisikia kabisa imepungua.

Ya pili ni rola ya blakauti, kwa sharti moja, ifungwe nje ya fremu. Ikiingia ndani ya fremu lazima ibaki nafasi ya mashine ya kuvutia, karibu sentimita mbili kila upande, na usiku ile mistari miwili inawaka kama taa za disko. Nyumba zetu nyingi pia zina grili au wavu wa mbu upande wa ndani kwa hiyo hata ukitaka kuingiza haiingii. Mimi kwa dirisha lilelile nilipimiwa mita 2 kwa 1.7, ni 3.4 za mraba, kwa elfu 55 ikawa 187,000. Bei karibu ileile na hapo hakuna shia. Na rola inafunguka kutoka chini kwenda juu, ukitaka mwanga kidogo tu unafungua palepale wapita njia wanapopitishia macho. Jikoni kwenye sinki au karibu na jiko nitaichukua rola bila kufikiri, maana pazia linashika mafuta. Sebuleni hapana.

Venishiani za alumini, zile za vibao vya kulala, nilikuwa nazidharau mpaka nilipoziona kwa dada yangu ambaye nyumba yake iko mteremkoni, barabara iko juu kuliko dirisha, na Mbeya nyumba za hivyo ni nyingi. Watu wengi wanavifunga vibao vibaya. Kama barabara iko juu yako, geuza vibao ukingo wa upande wa kioo uwe chini na wa upande wako uwe juu, aliye juu barabarani anaona mgongo wa kibao tu na mwanga bado unaingia. Kama dirisha lako liko ghorofani na watu wako chini, geuza kinyume. Shida yake ni vitundu vya kamba, usiku vinaonekana kama nukta za mwanga, mtu haoni ndani kwa hapo ila anajua upo. Na vumbi la mwezi wa tisa, kibao kimoja kimoja unafuta, mimi siwezi.

Zebra sijui kwa nini zimependwa hivi. Mistari ya shia na mistari mizito, unaipanga ipishane, mchana inapendeza. Tatizo haikutani sawasawa, ikisogea kidogo tu mstari wa shia unabaki wazi, usiku unaonekana vipandevipande kama nyanya iliyokatwa. Vatiko, zile ndefu za kusimama, waachieni mabenki, upepo ukivuma dirisha likiwa wazi zinagongana usiku kucha.

Pazia za mtumba pale Sido zipo, unaweza ukapata nzito nzuri kwa buku kumi, bahati yako, pima na tochi, fua kwa maji ya moto. Shia peke yake kwa dirisha la barabarani usinunue.

Sasa wauzaji. Kwanza hii ya kuandika "bei njoo inboksi", unakwenda inboksi anakuuliza "upo wapi dear", unamwambia mtaa wa Forest, bei inapanda. Pili, anakwambia "seti elfu 60", ukifika seti ni pazia moja na shia nusu, ringi mbali, kushona mbali, bomba mbali, unatoka umeacha laki na nusu. Tatu na inaniuma zaidi, mita. Nilinunua mita tano, nikafika nyumbani nikapima na futi ya fundi, nne na sentimita 72. Nilipomrudia akaniambia kitambaa kimejivuta kwa baridi. Kwa baridi! Nikamwambia tupime na hiyo rula yako ya mbao, kumbe ncha ilishakatika zamani, inaanzia kwenye sita. Siku hizi naingia dukani na futi yangu kwenye pochi na kitambaa napima kimelala mezani hakijavutwa, wananiona mkorofi, sawa.

Vijana wa kijiweni wiki iliyofuata walinisalimia wamenuna. Yule wa "tuongezee sauti" akaniuliza kama pazia mpya ndio zitabaki hivyo hivyo mpaka fainali.