Tritimenti ya protini: nywele mtaziona, uso hapana

Karibuni tena saluni, hapa Mombasa. Kiti nimekigeuza makusudi kikipe kioo mgongo, na dada aliyeketi mtamwona kisogo tu. Nilimwomba ruhusa kabla sijamfunga taulo. Mtu akishaloweshwa kichwa hawezi kuinuka aende zake, kwa hiyo "sawa" ya wakati huo siihesabu. Namwuliza tena mkisikia.

Dada, nikurekodi, niweke TikTok na status ya WhatsApp?

"Nywele sawa. Uso hapana, na jina usilitaje."

Na ukiitazama ukaghairi?

"Unaifuta."

Naifuta. Mnaocheka, mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa kubandika picha ya mteja bila idhini yake.

Haya. Juzi amefumua rasta. Sogeza kamera: unywele mmoja, umelowa, nashika ncha zote mbili navuta polepole. Unarefuka kama lastiki iliyochoka, haurudi, ukakatika. Huu unataka protini. Ungekatika papo hapo bila kuvutika, ningesema unataka unyevu, na mkebe huu ningeurudisha kabatini.

Nimeosha. Napaka kuanzia katikati hadi ncha, kofia ya plastiki, stimu dakika 20 kama mkebe unavyosema. Nikisuuza napaka konditina ya unyevu. Hatua hiyo mkebe hauitaji, na hilo ndilo kosa lake kubwa: ukiiruka, nywele zinatoka ngumu kama fagio la chelewa.

Kiti bado sijakigeuza, vumilieni. Mwanzoni mliziona nywele zimejikunja zenyewe. Nikipiga bloo sasa hivi, mtaapa zimerefuka inchi nne, kumbe zimenyooshwa tu. Video nyingi zinauza kwa ujanja huo. Mimi nimeziacha zikauke zenyewe, dirisha lilelile, bila filta.

[Kimya, sekunde tatu. Kiti kinazunguka taratibu.]

Hizo hapo! Urefu ni uleule, tena umepungua nusu inchi kwa sababu nimekata ncha. Mikunjo imejitenga, haijavimba kama pamba. Unywele mwingine, umelowa: navuta, unarefuka, naachia... umerudi. Ila tazama chini ya kisogo, pale rasta zilipong'oa. Pako vilevile, protini haioteshi nywele.

Mkebe huu nitaununua tena, ila dada huyu simpaki mwingine kabla ya wiki sita. Protini ikizidi, nywele zinakauka na kukatika upya.

Dada, umeitazama yote?

"Pale mwisho hereni yangu inaonekana. Wanaonijua wataijua."

Nimekata. Ndiyo maana mmeona kiti kinasimama kabla ya kufika sikioni.