Muda wa ziada ukiwa hasi: uongeze watu au upishanishe kazi?

Tuseme unajenga jengo: msingi siku 20, kuta 30, paa 15, jumla 65. Mtambo nao huchukua siku 50 kufika na 10 kufungwa, jumla 60. Mwenye mradi anataka vyote viishe siku ya 57. Ukiifunga tarehe hiyo kwenye ratiba, njia ya paa inaonyesha muda wa ziada, yaani siku ambazo kazi inaweza kuchelewa bila kuvuka tarehe hiyo, wa −8, na ya mtambo −3. Wengi huyapunguza tu makadirio hadi namba hasi zipotee. Huko ni kujidanganya.

Kwa gharama, kupishanisha kunashinda: unaezeka upande uliokwisha kujengwa siku 8 kabla ya kuta zote kuisha, bila kuajiri mtu mpya. Kuongeza kikosi cha pili cha waashi, ili kuta zishuke hadi siku 22, kunalipiwa tangu siku ya kwanza.

Kwa upande wa uhakika, mambo hugeuka. Ukuta ukibadilishwa chini ya paa lililokwisha kuezekwa, unabomoa na kurudia, na siku ulizookoa zinaliwa. Kikosi cha pili hakina hatari hiyo, ila kinahitaji nafasi ya kutosha na msimamizi.

Kumbuka −3 ya mtambo: hakuna njia kati ya hizi mbili inayoigusa. Huwezi kufunga kitu ambacho hakijafika, kwa hiyo hapo unalipia usafirishaji wa haraka au unaongeza mafundi wa kufunga.

Michoro ikiwa imetulia, pishanisha. Ikiwa bado inabadilika na fedha zipo, ongeza watu. Ukikosa vyote viwili, mpelekee mwenye mradi hiyo −8, achague tarehe au ukubwa wa kazi.