Mshono wa kulaza: kupunguza baada ya kushona, au kukata kwa vipimo viwili?

Mshono huu ndio ule wa jinzi, wenye mistari miwili ya uzi kwa nje na kingo zote zikiwa zimefichwa ndani. Njia zote mbili huanza kwa kugusanisha pande za ndani za kitambaa.

Kwa suruali napendelea kupunguza. Acha sentimita 1.5 kila upande, shona, kisha pimisha nguo mwilini. Ikibana, fumua urekebishe, maana bado hujakata kitu. Ikikaa sawa, punguza ukingo mmoja ubaki milimita 5, kunja mrefu uufunike mfupi, piga pasi, laza bapa, halafu shona milimita 2 kutoka kwenye mkunjo. Hatari iko kwenye mkasi: kabla ya kukata, hakikisha kingo za mishono yote zitalalia upande mmoja, kwa mfano nyuma.

Shati ni habari nyingine. Kitambaa chepesi huchanika nyuzi ukikipunguza, na begani kuna mviringo. Hapo kata mwili wa shati ukiacha akiba ya milimita 12, na mkono ukiacha milimita 6. Mwili utokeze milimita 6, shona milimita 6 kutoka ukingo wa mkono, kisha kunja na kulaza. Hakuna kupunguza, ila ukikosea kipimo cha mwili, huna akiba ya kupanulia.

Mstari wa pili ukiyumba, mara nyingi kosa ni la pasi: mkunjo haukuwa na upana mmoja.